Mpira wa Mkojo: Jinsi ya Kuutunza Nyumbani, na Dalili za Hatari

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo watu huona haya kulitaja mbele ya wengine, nalo ni mpira wa mkojo. Tumchukue kwa mfano mzee mmoja wa Kiwira, mwenye migomba na kahawa yake, ambaye tezi dume lake limekua hata likaubana mlango wa kibofu. Siku moja mkojo wakataa kutoka kabisa. Wanawe wampeleka hospitali ya Makandana huko Tukuyu, naye awekewa mpira. Mkojo watoka, na maumivu yakoma. Kisha aambiwa arudi nyumbani na mpira wake, angoje siku ya kupasuliwa. Tangu hapo watu wa nyumbani ndio waangalizi wake.

Kwanza yafaa tujue kitu chenyewe. Mpira huu huitwa Foley, kwa jina la daktari Mmarekani, Frederic Foley, aliyeutengeneza katika miaka ya 1930. Ndani yake mna njia mbili. Moja ni ya mkojo, ushukao toka kibofuni mpaka mfukoni. Ya pili ni nyembamba, nayo yafika katika puto dogo lililo karibu na ncha ya mpira. Mpira ukiisha kuingia kibofuni, mwuguzi hulijaza puto hilo maji safi kidogo, mara nyingi kadiri ya vijiko viwili vya chai, nalo huvimba na kuuzuia mpira usitoke. Tafadhali likumbukeni puto hili, maana tutarudi kwake.

Basi, mkojo hautolewi kwa nguvu yo yote ila ya mteremko. Mtu aliyezaliwa Rungwe hana haja ya kufundishwa jambo hili, kwa kuwa kila siku auona mto Kiwira ukiteremka kwenda Ziwa Nyasa, wala hajauona ukipanda. Kwa hiyo mfuko lazima ukae chini ya kibofu wakati wote, mgonjwa akiwa amelala, ameketi au anatembea. Ukiinuliwa juu, mkojo uliokwisha kutoka waweza kurudi kibofuni pamoja na vijidudu vyake. Lakini usiwekwe sakafuni penye uchafu. Utundikwe ubavuni mwa kitanda. Mpira nao ufungwe pajani kwa plasta au utepe, usibane wala usivutwe mgonjwa ageukapo.

Kazi za kila siku si nyingi. Anayeushika mpira au mfuko na anawe mikono kwa sabuni, kabla na baada. Mara moja au mbili kwa siku mgonjwa aoshwe sehemu zake za siri kwa sabuni na maji safi, pamoja na kipande cha mpira kilicho karibu na mwili, nacho kipanguswe kutoka mwilini kuelekea nje, kisirudishwe nyuma. Mwanamume asiyetahiriwa avute govi nyuma aoshe, kisha alirudishe mahali pake, kwa maana likiachwa nyuma huvimba na kukaza. Mwanamke ajipanguse kutoka mbele kwenda nyuma. Poda, mafuta na dawa kali za kuua vijidudu havitakiwi.

Mfuko umwagwe ukifika nusu au kupita kidogo, usingojwe ujae, kwani uzito wake huuvuta mpira. Fungueni koki ya chini, wala ncha yake isiguse chombo. Msiuchomoe mfuko kwenye mpira bila sababu, maana kila kiungo kinapofunguliwa vijidudu hupata mlango. Mgonjwa anywe maji vikombe sita hata vinane kwa siku, ila yule aliyeambiwa na daktari apunguze kwa ajili ya moyo au figo. Ale pia mboga na matunda asifunge choo, kwa sababu choo kigumu hukaa nyuma ya njia ya mkojo na kuibana.

Sasa twende usiku mmoja nyumbani kwa mzee wetu. Yapata saa nane ya usiku mwanawe aamka kumtazama. Auangalia mfuko, aona mkojo u pale pale ulipokuwa saa tano. Yampasa ashtuke, kwa kuwa figo hazilali. Kwa mtu anywaye maji ya kutosha hutoa kama kikombe kimoja cha chai kila saa tatu au nne, usiku na mchana. Mfuko usioongezeka kwa muda huo wauliza swali.

Kijana hakimbilii dawa. Kwanza aufuata mpira kwa vidole tangu mwilini mpaka mfukoni, aone kama umepinda au umelaliwa. Pili atazama kama mfuko uko chini ya kibofu na haujajaa. Tatu amwambia, "Baba, hebu geuka upande wa pili," au amsaidia kuketi, kwa kuwa mara nyingine tundu la ncha hugusa ukuta wa kibofu likazibwa. Nne ampa maji anywe. Usiku ule aukuta mpira umebanwa chini ya paja. Aunyosha, na mara mkojo washuka. Jambo limekwisha.

Lakini baada ya majuma mawili mkojo wakoma tena, na safari hii mpira haukupinda. Mzee alalamika tumbo chini ya kitovu, nalo ni gumu na limejaa. Mkojo kidogo wavuja kando ya mpira, ukilowesha shuka. Ndani ya mpira kijana aona chembe nyeupe kama mchanga. Huko ndiko kuziba hasa.

Chembe hizo zatoka wapi? Wako vijidudu fulani, mmoja wao aitwa Proteus, ambao hukaa ndani ya mpira na kuubadili mkojo, hata chumvi zilizoyeyuka ndani yake zikaganda. Huganda juu ya mpira kama ule utandu mweupe unaoota ndani ya birika la siku nyingi, mpaka tundu lote likazibwa. Kwa sababu hii mpira una siku zake. Ule wa kawaida hubadilishwa kwa muda wa majuma manne hivi, na ule wa silikoni waweza kufika majuma kumi na mawili. Lakini ambaye mpira wake huziba mara kwa mara hubadilishwa mapema zaidi. Mwulizeni mwuguzi ni wa namna gani, na siku ya kurudi iandikwe.

Usiku ule jirani atoa shauri, "Vuta tu, utoke, baba yako apumzike." Hapa ndipo kulikumbuka puto lile. Bado limejaa maji, nalo ni pana kuliko njia ya mkojo. Anayevuta huichana njia ile, damu nyingi hutoka, na kovu lake laweza kuiziba njia baadaye. Wala mpira usikatwe, wala usisukumwe maji ndani na mtu asiyefundishwa. Na kama umechomoka wenyewe, usirudishwe. Mgonjwa apelekwe hospitali upesi, maana njia yake ya mkojo yaweza kujifunga tena.

Kijana afanya vema: hangoji kupambazuke. Apiga simu, apata gari, nao washika barabara kuu mpaka Tukuyu. Mwuguzi avuta maji ya puto kwa sindano, autoa mpira ulioziba, aweka mpya, na mkojo mwingi watoka mara moja. Kama wangengoja mpaka mchana, kibofu kingezidi kutanuka, na mkojo uliokosa njia ungerudisha nguvu yake juu hata figo. Basi kanuni ni hii: mkojo ukikoma, na yale mambo manne yakifanywa bila kufaa, mgonjwa mwenye maumivu au tumbo lililojaa aende saa ile ile. Asiye na maumivu naye asipitishe saa tatu. Na aliyevunjika uti wa mgongo huenda asisikie maumivu ya kibofu. Kwake kichwa kuuma kwa nguvu ghafula, pamoja na jasho na wekundu wa uso, ni hatari kubwa isiyongoja hata dakika.

Limebaki neno la vijidudu. Mpira ukikaa siku nyingi, vijidudu hupatikana katika mkojo wa karibu kila mwenye mpira. Kuwapo kwao peke yake si ugonjwa. Mkojo ukiwa na ukungu au harufu, na mgonjwa ni mzima, anywe maji zaidi na aangaliwe; asikimbiliwe vidonge vya dukani. Dawa hizo hufukuza vijidudu dhaifu na kuacha vile sugu, na siku ya ugonjwa wa kweli dawa haisikii.

Ugonjwa wa kweli una dalili zake. Mwili wapata joto au kutetemeka kwa baridi. Mgonjwa aumwa chini ya tumbo, au kiunoni upande wa figo. Pengine usaha hutoka kando ya mpira. Kwa wazee mara nyingine homa haionekani sana. Badala yake mzee aanza kusema maneno yasiyopatana, asahau mahali alipo, au asinzia mchana kutwa na kukataa chakula. Watu wa nyumbani husema, "Ni uzee." Mwenye mpira akibadilika hivyo kwa siku moja, si uzee.

Tena kuna kosa moja ambalo ni rahisi kwetu kulifanya. Mtu akishikwa na homa na kutetemeka, twasema ni malaria, twampa dawa ya malaria, twangoja siku tatu. Kwa mwenye mpira siku tatu hizo zaweza kuwa nyingi mno, kwa kuwa vijidudu vya mkojo vyaweza kuingia katika damu na kumwua. Na apelekwe siku ile ile, apimwe malaria, apimwe na mkojo, na aliyempeleka aseme wazi kwa daktari, "Baba yangu ana mpira wa mkojo," hata kama umefichwa na nguo. Ikiwa pumzi zake ni za haraka, mikono baridi, au hajitambui, hiyo ni safari ya saa ile ile. Damu nyingi nyekundu, au mabonge ya damu mfukoni, nayo ni vivyo hivyo; lakini wekundu kidogo baada ya mpira kubadilishwa hutokea, nao huisha kwa kunywa maji.

Mzee wetu, basi, anangoja siku yake ya kupasuliwa. Ukutani karibu na kitanda mwanawe ameandika kwa chaki tarehe ya mpira mpya na tarehe ya kurudi, na kila jioni kabla ya kulala autazama mfuko, aone mkojo umefika wapi, ili akiamka usiku ajue kama umeongezeka.