Dira ya Maji Hufichua Uvujaji Nyumbani

Mjini Nachingwea, ambako maji ya chanzo cha Mbwinji tunayagawana na wenzetu wa Masasi, maji hupotea hasa siku yanapotoka, kwa kuwa bomba lisilo na msukumo halivuji. Maji hayo yanayopotea ardhini hupunguza msukumo, na jirani anayeishi mwinukoni hukosa.

Dira ya maji hufichua upotevu huo. Usiku ambao maji yanatoka, jazeni ndoo na matangi, fungeni koki zote, kisha andikeni namba za dira. Asubuhi, kabla mtu hajachota, zisomeni tena. Uniti moja ni lita 1,000. Hivyo dira ikitoka 412.350 hadi 412.410, zimepotea lita 60, yaani ndoo tatu za lita 20.

Usiku unaofuata, rudieni huku mmefunga pia koki inayoingiza maji kwenye tangi la choo. Dira ikitulia, boya la choo ndilo bovu. Ikiendelea kusogea, chunguzeni bomba la ardhini: tafuteni udongo wenye unyevu usiokauka. Maji yakikatika usiku, jaribio hilo halithibitishi kitu, lirudiwe.