Mshahara wa Msaidizi wa Nyumbani Huandikwa

Katika nyumba nyingi za Wiyoni, kama ilivyo kwingineko kisiwani Amu, msaidizi wa nyumbani huingia kwa maneno ya mdomo. Jamaa wa Faza au Mpeketoni huulizwa kama kuna binti anayetafuta kazi, mshahara hutajwa, na kesho yake binti anaosha vyombo. Mapatano hayo ni halali, lakini kazi ikifika miezi mitatu, Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka mkataba wa maandishi, na jukumu la kuuandika ni la mwajiri. Kifungu cha 10 kinaeleza kwa nini jambo hili linamhusu mwenye nyumba kuliko anavyodhani: mzozo ukifika mahakamani naye hana maandishi ya kuonyesha, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa. Msaidizi akisema waliafikiana shilingi 12,000, mwajiri aliyekuwa akilipa 9,000 kwa mkono hana la kujitetea nalo isipokuwa kumbukumbu yake mwenyewe.

Kwa hiyo naliona daftari la mshahara kuwa kinga ya pande zote mbili, na gharama ya kumwajiri mtu kisheria hukadirika. Tuchukue msaidizi mtu mzima anayelala humo humo nyumbani kwa mshahara wa shilingi 10,000 kwa mwezi. Kiasi hicho kinazidi kima cha chini cha shilingi 8,596.77, ambacho agizo lililoanza Novemba 2024 liliwawekea watumishi wa nyumbani nje ya miji mikubwa na manispaa za zamani. Hazina ya uzeeni, NSSF, inataka asilimia 6 kutoka kwake na asilimia 6 kutoka kwa mwajiri, yaani 600 kila upande. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, inachukua asilimia 2.75 ya mshahara, nayo ni 275. Lakini mchango hauwezi kupungua 300, basi anakatwa 300, na hapo mwajiri haongezi kitu. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5 kwa kila mmoja, shilingi 150. Kodi ya mapato haipo, kwa kuwa mshahara hauvuki 24,000. Msaidizi atapokea 8,950. Mwajiri atatoa 750 juu ya mshahara, kisha atapeleka jumla ya 1,800: NSSF 1,200, SHA 300, na 300 za ushuru wa nyumba kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA, kupitia iTax.

Kabla ya hapo, mwenye nyumba hujiandikisha mara moja kama mwajiri katika taasisi hizo tatu. Msaidizi naye huhitaji kitambulisho, nambari ya KRA, nambari ya NSSF na usajili wa SHA, ambao hufanyika hata kwa simu kwa kupiga *147#. Baada ya hapo, kazi ya kila mwezi ni kuwasilisha michango kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kosa baya zaidi hutokea hapa: kumkata mfanyakazi kisha kutopeleka. Hilo hugundulika kwa urahisi, kwani msaidizi anaweza kuuliza NSSF akaelezwa miezi iliyolipwa.

Daftari lenyewe halihitaji mhasibu. Mstari mmoja kwa kila mwezi watosha: tarehe, mshahara kamili, kila kato na jina lake, alichopokea, na sahihi yake, naye apewe nakala. Siku za mapumziko na likizo ziandikwe pia, maana ana haki ya siku moja katika kila saba na siku 21 za kazi kwa mwaka zenye malipo. Kulipa kwa M-Pesa husaidia, mradi pesa ziende kwenye simu yake. Desturi ya kumtumia mama au shangazi yake mshahara ni ya hatari. Sheria inataka alipwe mwenyewe, au mtu aliyemwidhinisha kwa maandishi.

Wapo watakaosema: huyu ni kama mwanangu, anakula na kulala kwangu, mambo ya makaratasi ni ya kampuni. Wema huo ni wa kweli na una thamani, lakini haupunguzi deni. Sheria inamtaka mwajiri atoe makazi ya kufaa, au posho ya nyumba juu ya mshahara, kwa hivyo chumba hakiwezi kuhesabiwa kuwa sehemu ya ile 10,000. Wengine husema msaidizi mwenyewe hataki kukatwa. Hoja hii ni nzito zaidi, kwa sababu 1,050 ni pesa nyingi kwa mtu anayetuma matumizi nyumbani kwao. Hata hivyo michango hii si hiari yake wala ya mwajiri. Asiyechangiwa NSSF anaweza kudai malipo ya utumishi kwa kila mwaka aliofanya kazi, na madai kama hayo hufunguliwa hata baada ya kuondoka. Ndiyo sababu sheria inamtaka mwajiri ahifadhi maelezo ya ajira kwa miaka 5 tangu kazi iishe.

Anayekuja kufua mara mbili kwa wiki na kulipwa siku hiyo hiyo ana hali tofauti kidogo. Akiitwa leo na asiitwe tena, ni kibarua. Lakini kazi isiyotarajiwa kwisha kabla ya miezi mitatu kwa jumla, sheria huiona kuwa ajira ya mwezi, hata kama hakuna aliyewahi kuiita hivyo. Naye pia aandikwe daftarini tangu siku ya kwanza.