Seva ya Duka Inayoamka Salama Umeme Unaporudi

Duka la vifaa vya ujenzi lenye kaunta mbili halihitaji kompyuta kubwa. Raspberry Pi, kompyuta ya bodi moja inayoenea kiganjani, inatosha kutunza bei, madeni ya wateja na mauzo ya siku, huku wauzaji wakiifikia kwa simu zao kupitia ruta iliyomo humo humo dukani. Intaneti ikikosekana, mauzo yanaendelea. Umeme ukikatika, au LUKU ikiisha, seva inazimika papo hapo. Ukirudi, inajiwasha yenyewe bila mtu kubonyeza chochote.

Ila kujiwasha si kuamka mzima. Mafundi wanaofunga seva hizi wanalijua lalamiko lake: mashine ilifanya kazi vizuri kwa miezi, umeme ukakatika jioni, na asubuhi taa nyekundu inawaka lakini simu hazipati kitu. Mara nyingi bodi yenyewe haina ubaya wowote. Kilichoharibika ni memori kadi.

Kadi hiyo huhifadhi data katika vitalu vikubwa. Ili kubadilisha kipande kidogo tu, inalazimika kuhamisha vitu, kufuta kitalu kizima, kisha kusahihisha jedwali lake la ndani linaloonyesha kila kitu kimewekwa wapi. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, kinachoharibika kinaweza kuwa faili ambalo halikuguswa kabisa siku hiyo, hata lile ambalo kompyuta inalihitaji ili iwake. Na mfumo huwa unaandika mfululizo: kumbukumbu za matukio, faili za muda, saa ya mwisho. Duka linaweza kuwa limefungwa usiku, kadi bado inaandikwa.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuizuia kadi isiandikwe kabisa. Katika Raspberry Pi OS, amri ya `raspi-config` ina sehemu ya `Performance Options`, na ndani yake `Overlay File System`. Ukiiwasha, mfumo husoma kutoka kwenye kadi, lakini kila kinachoandikwa huishia kwenye RAM na kupotea mashine inapozimika. Kila inapowaka, inawaka ikiwa vile vile ilivyokuwa siku fundi alipoifunga.

Mauzo hayawezi kuishi kwenye RAM, na hapo ndipo diski ya SSD ya USB inapohitajika. Inawekwa kwenye `/data`, na hifadhidata yote inakaa huko. Katika `/etc/fstab` mstari wake huwa hivi, namba halisi ya diski ikichukua nafasi ya nukta:

```
UUID=...  /data  ext4  noatime,nofail  0  2
```

Neno `nofail` linaruhusu mashine iendelee kuwaka hata diski isipoonekana. Bila neno hilo, waya wa USB ukilegea, seva husimama ikisubiri mtu aje na kibodi, na dukani hakuna kibodi. Lakini neno hilo hilo lina hatari yake, na fundi makini hutulia hapa. Diski isipopatikana, `/data` inabaki kuwa folda tupu iliyo juu ya RAM. Programu ya duka ikiachiwa ianze, itafungua hifadhidata mpya, wauzaji watauza mchana kutwa, na umeme ukikatika jioni kila kitu kitatoweka bila alama yoyote ya kosa. Kinga yake ni mstari mmoja katika maelezo ya huduma ya systemd:

```
[Unit]
RequiresMountsFor=/data

[Service]
ExecStart=/opt/duka/seva
Restart=always
RestartSec=5
```

Mstari huo unakataza programu kuanza kabla diski haijapachikwa mahali pake. Wauzaji wataona kwamba mfumo haupo, watachukua daftari na kumpigia fundi. Hasara hiyo ni ndogo kuliko ya kuuza siku nzima hewani. Maneno ya `Restart` yanashughulikia jambo jingine: programu ikianguka yenyewe, inainuliwa baada ya sekunde 5.

Kuna ukaguzi mmoja usiorukwa. Katika baadhi ya matoleo, ile kinga ya kadi hufunika na diski nyingine zilizotajwa kwenye `fstab`, hivyo SSD inaonekana ipo ilhali maandishi yake yanakwenda kwenye RAM. Amri ya `findmnt /data` inatoa jibu: aina ya mfumo iwe `ext4`. Ikisema `overlay`, fundi abadilishe katika `cmdline.txt` maneno `overlayroot=tmpfs` yawe `overlayroot=tmpfs:recurse=0`.

Sasa mauzo yenyewe. Muuzaji wa kaunta ya pili anaandika mifuko 10 ya saruji, anabonyeza "uza", na umeme unakatika sekunde hiyo hiyo. Simu yake haikupata jibu. Je, mauzo yaliingia? Hifadhidata ya SQLite huhakikisha hayaingii nusu nusu: ama yapo yote, ama hayapo kabisa. Lakini kama imewekwa `synchronous=NORMAL` pamoja na `journal_mode=WAL`, mpangilio unaopendwa kwa kasi yake, mauzo ya mwisho yaliyokwisha kujibiwa "tayari" yanaweza kupotea. Dukani kasi hiyo haina faida. Iwekwe `PRAGMA synchronous=FULL;` kila programu inapofungua hifadhidata, kwa sababu mpangilio huo haukumbukwi.

Bado kuna upande wa simu. Umeme ukirudi muuzaji atabonyeza tena, na kama mauzo ya kwanza yaliingia, stoo itapungua mifuko 20. Programu nzuri huifanya simu iunde namba ya muamala kabla ya kutuma. Seva ikiiona namba ile ile mara ya pili, inajibu "tayari" bila kuandika upya. Mwenye duka anayeagiza programu aulizie jambo hili mapema, kwa sababu makosa ya namna hii huibuka wakati wa kuhesabu stoo, na anayeshukiwa huwa muuzaji asiye na hatia.

Saa nayo ina mkasa wake. Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri. Kwa kawaida mfumo huandika muda kwenye kadi ili uanzie hapo, lakini kadi tumeshaifunga, hivyo kila umeme unaporudi saa inarudi siku ya kufungwa kwake. Intaneti ikiwepo itasahihishwa. Isipokuwepo, risiti zitatoka na tarehe ya miezi iliyopita. Kifaa kidogo cha DS3231 chenye betri ya kitufe hutatua hilo, pamoja na mstari `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` katika `config.txt`. Raspberry Pi 5 ina saa yake, ila betri hununuliwa pembeni.

Kabla ya kukabidhi kazi, fundi huchomoa waya wa umeme makusudi wakati wauzaji wawili wanaendelea kuuza kwa majaribio, na kurudia mara kadhaa. Kila mara anakagua mambo mawili: kila muamala uliojibiwa "tayari" kwenye simu uwe ndani ya hifadhidata, na `PRAGMA integrity_check;` ijibu `ok`. Muamala ukikosekana ilhali mipangilio yote ni sahihi, diski yenyewe inashukiwa. Baadhi ya SSD hudai zimeshaandika wakati data bado iko kwenye kumbukumbu yao ya muda, na hakuna mpangilio wa programu utakaoziponya. Hapo inabidi kubadilisha diski, au kuweka betri ya akiba na kuifunza seva ijizime kwa utaratibu kabla chaji haijaisha.