Kahawa Hupinda, Pombe Hunyooka

Umekunywa kahawa saa kumi jioni, ikaingiza miligramu 160 za kafeini. Nusu-maisha yake kwa mtu mzima ni kama saa 5: saa tatu usiku zimebaki 80, saa nane usiku 40, nawe bado unahesabu mapaa. Kasi hufuata kiasi kilichobaki, basi mchoro wa kiasi kwa muda huteremka kwa ukali, kisha hulala polepole. Hiyo ni oda ya kwanza.

Pombe ni oda sifuri. Vimeng'enya vya ini vimeelemewa; katika kila mililita 100 za damu huondoa takriban miligramu 15 kwa saa. Mstari umenyooka: kutoka 60 hadi 30 ni saa 2, hadi 15 ni saa 1 tu. Karibu na sifuri, vimeng'enya vikipata nafasi, nao hupinda.