Mhusika wako akiruka kutoka kwenye paa, mfunge kwa sekunde ngapi?

Msee, fungua gemu yoyote ya kukimbia na kuruka iliyo kwenye simu yako. Panda mahali pa juu, kisha jitupe. Usimwangalie mhusika, sikilizia kidole chako. Akigusa chini kuna kipande kidogo cha sekunde ambapo unabonyeza na hakuna kinachotokea. Kikipimwa vizuri hata hukijui. Kikipimwa vibaya utasema gemu inakwama, na ukipanda matatu hapa Kahawa Sukari utakuwa umeifuta kabla ya kufika Githurai.

Kwa hivyo kama wewe ni mmoja wa wale wanaojifunza kutengeneza gemu usiku kwa laptopu ya mtumba, kaa hapa kidogo. Tutachukua mtaa huu wetu kama uwanja. Mhusika wetu ni kijana anayekimbia juu ya kuta na mapaa ya Sukari. Ana sehemu nne za kurukia: ngazi ya duka, sentimita 20 hivi, ukuta wa boma, tuseme mita 2.2, paa la nyumba ya chini, mita 3, na roshani ya fleti iliyo mita 6 juu. Akitua kwa namna moja kutoka sehemu zote nne, macho yatakataa. Mtu aliyeruka mita 6 hawezi kusimama wima kama aliyeshuka ngazi ya duka kununua maziwa.

Swali la kwanza ni utajuaje ameanguka umbali gani. Wengi hukimbilia kasi: soma anashuka kwa kasi gani anapogusa chini. Fizikia ya shule inakubali, kwa sababu kwa mvuto wa kawaida anayeanguka mita 3 hufika chini kwa kama mita 7.7 kwa sekunde, na wa mita 6 kama 10.8. Lakini kuna mtego. Kwenye Godot, ukishaita `move_and_slide()`, injini huwa imeshagundua sakafu na kuifuta kasi ya kushuka. Ukiisoma baada ya hapo unapata sifuri, na mhusika wako anatua kila mara kama manyoya. Ni lazima uihifadhi kabla ya kuita.

Hata ukifanya hivyo, kasi ina ugonjwa mwingine. Siku utakapoongeza mvuto ili kuruka kusihisi kama mwezini (na utauongeza, kila mtu huongeza), vipimo vyako vyote vinaharibika. Mvuto ukiwa 20, mita 3 zile zile zinakupa karibu kasi ya 11, na ukuta mfupi unaanza kumvunja mtu miguu. Ndiyo maana mimi hupima kimo: kumbuka sehemu ya juu kabisa aliyofika akiwa hewani, halafu toa sehemu aliyotua.

```gdscript
var hewani = false
var kilele = 0.0

func _physics_process(delta):
    # mvuto na mwendo vinakuja hapa
    move_and_slide()
    var y = global_position.y
    if is_on_floor():
        if hewani:
            tua(kilele - y)
        kilele = y
    else:
        kilele = maxf(kilele, y)
    hewani = not is_on_floor()
```

Angalia jambo moja: akishika ukingo wa roshani na kuning'inia, weka `kilele` upya hapo hapo. Usipofanya hivyo, kijana aliyeshuka fleti roshani kwa roshani, kwa uangalifu wote, atalipishwa jengo zima akifika chini.

Sasa tuna kimo. Hapa ndipo watu huchanganya vitu viwili: animesheni ya kutua, na kifungo, yaani muda ambao vitufe havisikii. Hivi havihitaji kuwa na urefu sawa. Animesheni ya kutua kutoka mita 6 inaweza kuchukua sekunde nzima: magoti yanakunjwa, mkono unagusa lami, anapumua, anainuka. Ukimfunga mchezaji sekunde nzima hiyo, umemfunga jela. Kifungo kihesabu peke yake:

```gdscript
kifungo = clampf((kimo - 1.5) * 0.08, 0.0, 0.45)
```

Jaribu na mtaa wetu. Ngazi ya duka inatoa sifuri, mhusika anaendelea na safari zake. Ukuta wa boma unatoa sekunde 0.056, ambayo ni fremu tatu hivi za skrini ya 60, na kidole hakitambui. Paa la mita 3 linatoa 0.12, unahisi uzito kidogo tu. Roshani ya mita 6 inatoa 0.36, na hapo unajua kweli umeanguka. Ukomo wa 0.45 unafikiwa baada ya mita 7 na kitu. Juu ya hapo usiongeze kifungo, tafuta adhabu nyingine. Minecraft, kwa mfano, haimfungi mtu hata kidogo. Inatoza damu: matofali 3 ya kwanza ni bure, kisha kila moja linakula nusu ya moyo, na ukianguka 23 ukiwa na afya kamili bila kinga, umekwisha.

Kifungo kikiisha, mhusika bado yuko nusu njia ya kuinuka. Hiyo ndiyo hali ya kujikusanya. Usipogusa kitu, anamaliza kuinuka kwa raha zake. Ukigusa mwendo au kuruka, animesheni inakatwa na kuchanganywa na inayofuata kwa kama sekunde 0.1 ili isiruke kwa ghafla. Macho yanapata uzito, kidole kinapata uhuru.

Kuna jambo la kibinadamu pia. Mchezaji hubonyeza mapema, kabla kifungo hakijaisha. Ukitupa bonyezo hilo, anahisi ameibiwa. Lihifadhi: kama lilitokea ndani ya sekunde 0.12 za mwisho, litekeleze mara kifungo kinapoisha. Mirror's Edge ya 2008 ilienda mbali zaidi, ikamruhusu mchezaji kujinunulia uhuru. Ukibonyeza kitufe cha kuchuchumaa kabla tu ya kugusa chini, Faith anabiringika na kuendelea na kasi yake. Ukichelewa, anatua vibaya na kupoteza mwendo.

Naomba unisikilize hapa kuliko kwingine kote: usihesabu kifungo kwa fremu. Mafunzo mengi mtandaoni husema "funga kwa fremu 20", na kwenye mashine ya mwalimu inayochora fremu 60 kwa sekunde, hiyo ni theluthi moja ya sekunde. Ikiwa gemu yako inahesabu fremu za kuchora, simu ya bei nafuu inayohema kwa fremu 30 itafunga kwa theluthi mbili. Mchezaji mwenye simu dhaifu ndiye anapata mhusika mzito zaidi, halafu anaambiwa hajui kucheza. Punguza kwa muda halisi, `kifungo -= delta`, na simu zote zinafungwa sawa.

Kujua kama umepatia, usijiamini wewe uliyeitengeneza, kidole chako kimeshazoea. Mpe jirani simu mbovu zaidi unayoweza kuazima, mwambie apande ngazi za fleti na kushuka akikimbia. Mhusika akitetemeka magoti kila ngazi, kimo cha chini kabisa cha animesheni kiko chini mno, kipandishe hadi nusu mita. Kisha mwache aruke kutoka roshani na umwangalie kidole gumba. Akibonyeza mara moja na kusubiri, iko fiti. Akianza kugonga skrini mara tatu, nne, rudi kwenye ile 0.08 uipunguze.