Ruhusa ya Siku Moja Ukiwa Bado Mgeni Kazini

Msaidizi wa mhasibu katika kampuni moja ya kuingiza vipuri jijini Dar es Salaam ana miezi mitatu kazini. Tuseme mshahara wake ni shilingi 600,000 kwa mwezi, kazi ni siku sita kwa wiki, na Jumamosi ofisi hufungwa saa saba mchana. Barua yake ya ajira inasema atakuwa kwenye majaribio kwa miezi sita. Sasa dada yake anaolewa Moshi, Jumamosi ya tarehe 24 Oktoba. Kutoenda hakuwezekani, mama yake hatamwelewa, na ukoo mzima utalizungumza mpaka Krismasi. Lakini kila akimtazama bosi wake, maneno yanamkwama kooni.

Hofu yake ina msingi, ila watu wengi huiweka mahali pasipo pake. Ofisini utasikia kwamba "mtu wa majaribio hana likizo mpaka athibitishwe". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, haisemi hivyo. Inachohesabu ni miezi ya kazi, wala haijali kama barua ya kuthibitishwa imetoka au haijatoka. Kifungu cha 29 kinasema mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kazini hana haki ya likizo yenye malipo. Wanaotolewa katika sharti hilo ni wachache, wakiwemo wafanyakazi wa msimu.

Kwa hiyo mtu anayethibitishwa baada ya miezi mitatu bado hana haki hiyo mwezi wa nne, hata kama barua yake ina muhuri na pongezi. Na yule ambaye mwajiri amempa majaribio ya mwaka mzima, jambo ambalo kanuni za mwaka 2007 zinaruhusu kazi ikihitaji hivyo, anaipata akishapita miezi sita ingawa bado anaitwa mtu wa majaribio. Wengi wanaoambiwa wasubiri kuthibitishwa hawajui kwamba siku zao zimekwisha kufika.

Msaidizi wetu yuko mwezi wa tatu. Hana cha kudai, na hilo ndilo linaloupa mgongo ugumu wake: anachoomba ni hisani ya mwajiri. Hata mkataba wake ungekuwa mkarimu kuliko sheria, na mikataba ya namna hiyo ipo, angepaswa kuusoma kwanza kabla ya kufungua mdomo. Upande wa pili wa miezi hiyo sita ni mkali zaidi. Kifungu cha 35 kinawaondoa wenye chini ya miezi sita katika ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki, yaani malalamiko ya aina hiyo hawawezi kuyapeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kama wafanyavyo wenzao wa zamani. Wanabaki na haki ya notisi: siku 7 ikitolewa mwezi wa kwanza, na siku 28 baada ya hapo kwa anayelipwa kwa mwezi.

Mwajiri naye hakuachiwa afanye apendavyo. Kanuni hizo za 2007 zinamtaka amfuatilie mtu wa majaribio, amtathmini, na akiwa na shaka naye amwambie na kumpa nafasi ya kujieleza au kujirekebisha. Ni vizuri kulijua hili, kwa sababu linaonyesha kilichomo kwenye faili la mtu mgeni. Faili hilo bado ni jembamba. Mfanyakazi wa miaka mitano akikosekana Ijumaa, bosi ana mamia ya Ijumaa nyingine za kulinganisha. Mgeni akikosekana Ijumaa moja, hiyo moja inaonekana kubwa. Ndiyo maana siku yenyewe, na jinsi ilivyoombwa, huwa na uzito kuliko sababu. Harusi ya dada ni sababu ambayo hakuna meneja wa Kitanzania atakayeihoji. Atakachokipima, mara nyingi bila kusema, ni kama mgeni huyu anajua kazi ya idara inavyokwenda.

Hapo ndipo msaidizi wa mhasibu ana bahati, kwa sababu kazi yake ina kalenda. Kodi ya mishahara hulipwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Ritani ya VAT huwasilishwa kabla ya tarehe 20 kupita. Akiomba kuondoka tarehe 19 ataonekana hajui alipo. Harusi imeangukia tarehe 24, ritani ikiwa imeshakwenda na mishahara haijaanza kuandaliwa, na hicho ni kipindi tulivu kuliko vyote katika mwezi wa ofisi ya uhasibu. Si yeye aliyepanga tarehe, lakini anaweza kuitaja hivyo: kwamba ameangalia, na VAT itakuwa imekamilika.

Kisha apunguze ombi lenyewe. Wazo lake la kwanza lilikuwa siku tatu: Ijumaa ya kusafiri, Jumamosi ya harusi, Jumatatu ya kupumzika na kurudi. Dar hadi Moshi ni safari ya basi ya takriban saa nane hadi kumi. Zamani Ijumaa isingekwepeka, maana mabasi ya mikoani hayakuruhusiwa kusafiri usiku. Tangu Oktoba 2023 yameruhusiwa tena. Akitoka kazini Ijumaa jioni na kupanda basi la usiku, asubuhi yuko Moshi, na misa ya ndoa kwa kawaida ni mchana. Jumapili asubuhi anapanda basi la kurudi. Atachoka, ndiyo, na atakosa sherehe ya nyumbani ya Jumapili. Lakini ombi la siku tatu limegeuka kuwa ombi la Jumamosi moja inayokwisha saa saba. Bosi anayeambiwa jambo hilo anaona mtu aliyekwisha kufanya hesabu kabla hajafika mezani kwake.

Na hesabu ya pesa nayo aifanye mapema, asije akashtuka mwisho wa mwezi. Sheria huigawa mishahara ya mwezi kwa 4.333 kupata ya wiki, kisha kwa siku za kazi katika wiki. Shilingi 600,000 kwa njia hiyo ni takriban 23,000 kwa siku. Hicho ndicho kiasi anachoweza kukatwa kwa siku moja isiyo na malipo, na akisema mwenyewe kwamba yuko tayari kukatwa au kufidia saa hizo wiki inayotangulia, anamwondolea bosi swali moja. Waajiri wengi hawatakata. Wengine watakata, na hawajamkosea.

Ombi lianze kwa mdomo, kwa msimamizi wa karibu, wiki mbili au tatu kabla. Si kwa mkurugenzi, hata kama mkurugenzi ni mtu wa kwao, na si kwa ofisa rasilimali watu kwanza. Msimamizi anayepata habari za mtu wake kutoka ghorofa ya juu hulikumbuka jambo hilo siku ya tathmini. Asichague pia Jumatatu asubuhi wakati simu zinalia. "Shikamoo mama, nina jambo la kifamilia ningependa kukushirikisha ukipata dakika tano," inatosha kufungua mazungumzo. Akikubaliwa, aandike siku hiyohiyo, kwa baruapepe au kwenye fomu ya ruhusa kama ipo:

"Kama tulivyozungumza leo, naomba ruhusa ya Jumamosi tarehe 24 Oktoba kuhudhuria harusi ya dada yangu Moshi. Ritani ya VAT ya Septemba nitakuwa nimeikamilisha kufikia tarehe 19. Malipo madogo ya Jumamosi hiyo mwenzangu wa dawati la stoo amekubali kuyapokea, na nitamkabidhi vitabu Ijumaa. Jumatatu tarehe 26 nitakuwa kazini saa mbili kamili. Niko tayari siku hiyo ikatwe kwenye mshahara."

Hakuna kuomba radhi mara tatu, wala hadithi ndefu ya ukoo. Maneno "kama tulivyozungumza" yana kazi yake: bosi akibadilishwa mwezi ujao, ushahidi upo kwamba mtu huyu aliruhusiwa. Bila maandishi, ruhusa ya mdomo inaweza kusomeka kwenye daftari la mahudhurio kama utoro. Utoro wa zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa au sababu inayokubalika ni kosa ambalo kanuni zinaliweka miongoni mwa yale yanayoweza kumwachisha mtu kazi, na kwa mgeni hata siku moja inatosha kurefushiwa majaribio.

Ruhusa nyingi za watu wapya huharibika baada ya kukubaliwa. Jumapili saa nne usiku ujumbe unaingia: "Bosi, basi limeharibika Korogwe." Huenda ni kweli, mabasi huharibika. Lakini Jumatatu ya mgeni ndiyo siku inayotazamwa kuliko zote, na aliyepanga kurudi na basi la mwisho amejitega mwenyewe. Ubaya mwingine ni kumuua ndugu. Kila ofisi ina simulizi ya kijana ambaye bibi yake alifariki mara mbili, na wanaoisimulia hucheka, ila jina lake hawalisahau. Harusi itajwe kuwa ni harusi, na usaili wa kazi nyingine basi uitwe tu "shughuli binafsi".

Msiba wa kweli hauna wiki mbili za matayarisho, na hapa sheria ni finyu kuliko desturi. Kwa aliyepita miezi sita kuna angalau siku 4 zenye malipo anapofiwa na mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa kuzaliwa, na kwa ugonjwa au kifo cha mtoto wake. Siku hizo zinahesabiwa katika mzunguko wa miezi 36, hazirudi kila mwaka. Baba mdogo, shangazi na mama mkwe hawamo kwenye orodha, ingawa kutomzika baba mdogo ni jambo ambalo kijijini halisameheki. Kwa mgeni basi njia ni simu, si ujumbe wa maandishi, mapema kabla ya saa za kazi, akitaja siku ya mazishi na siku ya kurudi. Waajiri wengi huruhusu. Wenyewe wana baba wadogo.

Ugonjwa nao una karatasi yake. Aliyeumwa apige simu asubuhi hiyohiyo, kisha arudi na ED ya daktari aliyesajiliwa. Kabla ya miezi sita ED hiyo haimlazimishi mwajiri wa Tanzania kulipa siku hizo, lakini inaondoa neno utoro. Kenya ni tofauti: sheria yao ya ajira ya mwaka 2007 inatoa likizo ya ugonjwa yenye malipo baada ya miezi miwili tu mfululizo kazini.

Wepesi zaidi wa kuomba upo kabla hata ya siku ya kwanza. Anayejua tarehe ya harusi, ya mtihani wa bodi au ya kliniki aitaje baada ya kupewa ofa na kabla ya kusaini, wakati mwajiri amekwisha kumchagua na bado hajampangia kazi. Msaidizi wetu hakuweza. Mahari yenyewe ililipwa yeye akiwa tayari kazini. Na kama Dada Bosi atasema hapana, kwa sababu Jumamosi ya tarehe 24 wanahesabu stoo, aulize jambo moja tu: je, akiingia saa kumi na mbili asubuhi siku nne zilizotangulia na kumaliza sehemu yake ya hesabu, anaweza kuondoka Ijumaa jioni? Akikataliwa tena, Jumamosi atakuwa stoo, na dada yake ataelezwa kwa simu.