Je, Wajua? Gawanyo Moja Hueleza Macho ya Manjano
Mgonjwa wa Uvira mwenye macho ya manjano huenda seli za ini lake zimejeruhiwa, au nyongo imekwama. Vimeng'enya viwili vya damu, ALT na ALP, husaidia kutofautisha.

Tuseme ALT ni 400, na kikomo cha kawaida ni 40: imepanda mara 10. ALP ni 240, kikomo 120: mara 2. Gawanya 10 kwa 2, upate 5.

Jibu la 5 au zaidi huelekeza kwenye seli za ini. Hapo hupimwa virusi vya hepatiti. Likiwa 2 au chini, ni nyongo: GGT ikiwa juu pia, ALP haikutoka kwenye mifupa tu, na ekografi huonyesha kama mirija imepanuka. Kati ya hapo, hali imechanganyika.